Malipo ya kupunguzwa kazi: deni, chakula na mtaji wa viazi Nakuru

Pesa za kupunguzwa kazi huonekana nyingi siku ya kuingia benki kwa sababu mtu hajawahi kuona mshahara wa miezi saba ukiwa pamoja. Ukweli ni kwamba ni mshahara wa miezi saba, basi. Kazi yake kubwa ni kukununulia muda wa kupata mapato mengine, na kila uamuzi hapa chini unapimwa kwa swali hilo moja: unaniongezea miezi au unanipunguzia?

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja wa Lanet, msimamizi wa upakiaji kiwandani, amefanya kazi miaka 11 kamili na mshahara wake wa msingi ni shilingi 42,000. Ana watoto wawili, mmoja sekondari. Ana mkopo wa Sacco, vikopo vya simu na daftari dukani. Anataka kuanza biashara ya viazi vya Molo. Hesabu ni za mfano, nawe weka zako.

Kwanza hakikisha umelipwa sawa

Kabla ya kugawa pesa, zihesabu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mfanyakazi anayepunguzwa alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Hayo ni mbali na notisi ya mwezi mmoja au pesa mahali pa notisi, na mbali na siku za likizo ambazo hukuchukua. Watu wengi huchanganya haya matatu, kisha wanapokea bahasha moja wakidhani kila kitu kimo.

Kwa mama wetu, nusu ya mshahara ni 21,000, mara miaka 11 ni 231,000. Notisi ni 42,000. Likizo iliyobaki ni kama 20,000. Jumla 293,000 kabla ya kodi. Kama mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanataja siku nyingi kuliko 15, ni hayo yanayofuatwa, kwa hiyo yatafute uyasome.

Hapo kwenye kodi ndipo pesa nyingi hupotea kimya kimya. Malipo ya kupunguzwa kazi hukatwa kodi, lakini sheria ya kodi ya mapato haikusudii yakatwe kama mshahara wa mwezi mmoja. Pale ambapo mkataba usio na kikomo umetaja malipo hayo, huenezwa kwenye miezi inayofuata kwa kiwango cha mshahara wako wa mwisho. Pale ambapo haukuyataja, huenezwa kwenye miaka mitatu inayofuata. Ofisi ya mishahara ikiyarundika yote kwenye mwezi mmoja, karibu kila shilingi inaangukia kwenye asilimia 30. Kwa zile 231,000 za mama huyu, kuzieneza kwa mshahara wake kunamgharimu kodi ya kama 27,000, na kuzirundika kunamgharimu kama 69,000. Tofauti hiyo ni zaidi ya miezi minne ya kodi ya nyumba. Kwa hiyo omba mchanganuo wa maandishi unaoonyesha kila malipo na kodi yake, na uulize waziwazi: "Hii severansi mmeieneza kwa miezi mingapi?"

Usitie sahihi karatasi ya kwamba umelipwa kila kitu na huna dai lolote kabla ya kuona mchanganuo huo. Mahakama huichukulia sahihi hiyo kwa uzito mtu akiwa ameiweka kwa hiari. Ukiona hesabu haiko sawa, nenda ofisi ya leba ya kaunti na barua yako ya kazi, barua ya kupunguzwa na stakabadhi za mshahara. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Nakuru na Kisumu, na dai la namna hii lina miaka mitatu. Chukua pia cheti cha utumishi. Ni haki yako na waajiri wengine watakiulizia.

Pesa za uzeeni usizihesabu hapa. Za NSSF hazitoki kwa sababu tu umepoteza kazi ukiwa na miaka 38. Kwa mpango wa pensheni wa kampuni, sehemu unaweza kuruhusiwa kuchukua na sehemu itabaki mpaka umri wa kustaafu. Kama unaweza kuziacha zote, ziache.

Baada ya kodi ya malipo yote matatu, mama wetu anapokea mkononi takriban 255,000.

Mkopo wa Sacco: akiba yako ilipe deni lako

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu ndipo watu wa kazi za kuajiriwa huumia zaidi.

Mama ana mkopo wa 130,000 uliobaki, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio, na alikuwa akikatwa 6,500 moja kwa moja kwenye mshahara. Akiba yake kwenye Sacco ni 110,000, na ana hisa za mtaji za 20,000. Wadhamini wake watatu wote ni wa kiwanda kile kile, naye amemdhamini mmoja wao.

Wazo linalomjia mtu mwaminifu ni kwenda na 130,000, kufuta deni na kupumua. Ni wazo la heshima, ila linamwachia 125,000 mfukoni huku 110,000 zake zikiwa zimekaa Sacco asipoweza kuzigusa leo mtoto akiugua. Upande mwingine kuna wanaonyamaza. Makato ya mshahara yamekoma, Sacco haijapiga simu, basi mwezi wa kwanza unapita na wa pili unapita. Mkopo usipolipwa, Sacco huchukua akiba ya mkopaji kwanza, kisha hugeukia akiba ya wadhamini. Na wadhamini wako mlipunguzwa nao siku moja. Hapo ndipo urafiki wa miaka kumi huishia kwa chifu.

Njia ya tatu ni kuacha akiba ifanye kazi iliyowekewa. Akiba hiyo tayari ni dhamana ya mkopo. Huwezi kuitoa ukiwa na deni. Nenda ofisini wiki ile ile ya kupunguzwa na uulize mambo mawili. La kwanza, kama sheria ndogo za Sacco yako zinaruhusu kufidia mkopo kwa akiba bila kujitoa uanachama. Baadhi huruhusu. La pili, kama haziruhusu, kujitoa kunachukua muda gani. Kwa kawaida ni notisi ya siku 60, na notisi haitakubaliwa ukiwa bado unamdhamini mtu.

Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Mama, huwezi kutoka, bado umemshikilia mwenzako."

"Akipata mdhamini mwingine?"

"Akijaza fomu na huyo mwingine akatia sahihi, tunakuondoa. Ila mlete mwenyewe, sisi hatutamtafuta."

Ni kweli, hawatamtafuta. Hiyo ni kazi yako, na ni bora uifanye wiki ya kwanza wenzako wangali wanapokea simu.

Tuangalie hesabu. Katika siku 60 za notisi mama anaendelea kulipa 6,500 mara mbili, safari hii kwa paybill ya Sacco, akihifadhi ujumbe wa kila malipo. Riba ya miezi hiyo ikitolewa, salio linashuka hadi kama 119,500. Akiba ya 110,000 inaingia, zinabaki 9,500 anazolipa taslimu. Kwa jumla ametumia 22,500 za pesa alizolipwa badala ya 130,000, wadhamini wake wako huru, na hana tena makato ya 6,500 kila mwezi. Hisa za mtaji hazirudishwi na Sacco. Huuzwa kwa mwanachama mwingine. Aziorodheshe na akipata mnunuzi, hizo zinaenda kwenye akiba ya dharura.

Anapoteza nini? Nafasi ya kukopa mara tatu ya akiba, na gawio la mwisho wa mwaka. Kwa mtu asiye na mshahara, mkopo mwingine mkubwa si kitu cha kukimbilia, na gawio halizidi sana riba anayolipa. Anaweza kujiunga tena mapato yakitulia. Kama akiba yako ni ndogo sana ikilinganishwa na deni, tuseme 40,000 dhidi ya 200,000, njia hii haitoshi. Hapo omba mkopo upangwe upya kwa miezi mingi zaidi ili rejesho la mwezi lishuke, na uombe kabla hujachelewa hata mara moja. Afisa wa mikopo huwa na nafasi ya kukusaidia faili yako ikiwa safi. Ikishachafuka, anafuata utaratibu.

Madeni mengine, kwa mpangilio wa maumivu

Mama ana mikopo miwili ya simu, jumla 14,000, inayotozwa ada ya asilimia 9 kila siku 30. Ukiizungusha, yaani ukilipa leo na kukopa tena kesho kama wengi tufanyavyo, inakula 1,260 kwa mwezi. Mkopo wa Sacco wa 130,000 unakula 1,300. Deni dogo linagharimu sawa na lililolizidi mara tisa. Kwa hiyo za simu zinalipwa siku ya kwanza, zote, na programu zenyewe zinafutwa kwenye simu.

Fuliza ya 3,000 nayo imalizwe siku hiyo hiyo. Inatozwa kwa siku, na inajilipa yenyewe mara pesa yoyote ikiingia M-Pesa, hata ile uliyotumiwa na dada yako ya dawa.

Daftari la dukani ni 4,500. Halina riba, na mwenye duka anaweza kusubiri. Lipa hata hivyo. Mwezi wa sita pesa zikikauka, huyo ndiye atakayekupa unga na mafuta, wala hatakuuliza stakabadhi ya mshahara.

Mwenye mkopo wa benki ana jambo lake la pekee. Kama malipo yako yanaingia benki ile ile iliyokukopesha, wana haki ya kuchukua malimbikizo yao kwanza, kwa hiyo zungumza nao kabla pesa hazijaingia. Omba pia kuona bima ya mkopo uliyokatwa ulipokopa. Baadhi ya bima hizo hulipa marejesho ya miezi kadhaa mtu akipunguzwa kazi, na watu hawadai kwa sababu hawakusoma. Dai lina muda wake, kwa hiyo liwasilishe mapema pamoja na nakala ya barua.

Jumla ya madeni ya mama: 17,000 za simu na Fuliza, 4,500 za duka, 22,500 za Sacco. Ni 44,000. Zimebaki 211,000.

Kujilipa mshahara

Bima ya kazini hufa siku ya mwisho ya kazi, na mwajiri huacha kupeleka ile asilimia 2.75 ya SHA. Piga *147#, ubadilishe hali yako iwe ya asiye na ajira, ujibu maswali ya kupima mapato ya kaya, kisha ulipe mwaka mzima. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Jibu maswali kwa hali ya sasa, si ya mwaka jana. Tuseme mama anapimwa 500 kwa mwezi, analipa 6,000. Karo ya muhula ujao ni 18,000, nayo inalipwa mapema ili isije ikaliwa. Zimebaki 187,000.

Sasa bajeti ya nyumba. Nyumba 8,500, chakula 10,500, nauli na mambo madogo ya shule 3,000, stima, maji na gesi 2,500, simu 500. Ni 25,000 kwa mwezi, kutoka 33,000 walizozoea. Punguza mwezi wa kwanza, wakati bado una pesa. Familia nyingi huishi kama kawaida miezi mitatu kisha hukatiza ghafla, na ile miezi mitatu ndiyo iliyobeba pesa. Mama anatenga miezi mitano: 125,000. Zinabaki 62,000, na kati ya hizo 17,000 ni za dharura: hospitali, msiba, safari ya nyumbani.

Pesa za miezi mitano zisikae kwenye M-Pesa wala kwenye akaunti yenye kadi. Mwezi wa kwanza, 25,000, ukae mkononi. Pesa za mwezi wa pili na wa tatu, pamoja na za dharura, za Sacco na za mtaji ambao haujatumika, ziende kwenye hazina ya soko la fedha iliyosajiliwa na mamlaka ya masoko ya mitaji. Kutoa huko huchukua siku mbili tatu, na ucheleweshaji huo ni faida: hasira ya Jumamosi hupoa kabla ya Jumanne. Jua tu kwamba haina dhamana ya bima ya amana inayolinda hadi 500,000 katika benki. Ukitaka dhamana hiyo, tumia akaunti ya muda maalumu. Pesa za mwezi wa nne na wa tano, 50,000, zinatosha kununua hati ya hazina ya siku 91 kupitia DhowCSD ya Benki Kuu, maana hicho ndicho kiwango cha chini. Itaiva pale pale zinapohitajika, na shemeji mwenye wazo la ploti Gilgil hawezi kuzifikia.

Kisha chagua tarehe, tuseme 28, na ujitumie 25,000 kama mshahara. Zikiisha tarehe 20, mnakula sukuma mpaka 28. Kiasi ulicholipwa kijulikane na wewe na mwenzio wa nyumbani tu. Majirani watakisia, waache wakisie mara mbili zaidi.

Biashara: kwa nini viazi, na kwa nini si kuku

Mtaji uliobaki ni 45,000. Kabla ya kuchagua biashara, jiulize shilingi ya kwanza ya faida itarudi lini. Kuku wa mayai huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20. Ukinunua vifaranga leo, watakula chakula cha dukani miezi ile ile mitano ambayo nawe unakula akiba yako, na watataga yai la kwanza wakati mfuko umekauka. Si biashara mbaya, ni ya mtu mwenye mshahara. Aliyepunguzwa anahitaji bidhaa inayogeuka pesa ndani ya siku tatu nne. Kwa anayeishi Nakuru, viazi vya Molo, Elburgon na Mau Narok ni moja ya hizo, kwa sababu vibanda vya chipsi hununua kila siku na shamba liko karibu.

Mama anaanza na 20,000 tu. Zile 25,000 nyingine zinabaki kwenye hazina kwa wiki sita. Ananunua mifuko mitano ya kilo 50, na tuseme kwamba mmoja, pamoja na kupakia, usafiri wa kanta inayorudi mjini na ushuru wa kaunti, unafika Lanet kwa 2,450. Hiyo ni 12,250. Mizani ya kuning'iniza ni 2,500, mbao za kuinua mifuko na turubai 1,500. Zinabaki 3,750 za nauli na ada ya kaunti. Aulize ofisi ya kaunti leseni ya biashara yake ni kiasi gani kabla ya askari wa kaunti kumweleza.

Mfuko uwe wa kilo 50. Kanuni za viazi za 2019 zinakataza mfuko unaozidi hapo, lakini bado utakutana na ule ulioshonewa kilemba juu, wenyewe huuita mukorino, wa kilo 80 na zaidi. Usinunue kwa macho, tundika mizani.

Kisha kagua mzigo. Sugua kiazi kwa kidole gumba. Ngozi ikivuka kama ya kiazi kilichochemshwa, kimevunwa kabla ya kukomaa, majani hayakukatwa wiki mbili kabla ya kuvuna, na kitachubuka njiani na kuoza. Mwaga mfuko mmoja chini kabisa, kwa sababu vikubwa hupangwa juu na chini, na vidogo hufichwa katikati. Kata kimoja katikati ukiminye: ukiona majimaji meupe mazito yakichuruzika kwenye ile duara ndani ya ngozi, hao ni bakteria wa mnyauko, na mfuko huo utakuwa umelowa na kunuka kabla ya wiki kuisha. Vilivyo na rangi ya kijani viache. Ni vichungu na vina sumu. Na hata vizuri vitageuka kijani kwako ukiviweka juani, kwa hiyo stoo iwe na giza na hewa, mifuko ikiwa juu ya mbao.

Aina inayopatikana kwa wingi ni Shangi. Wapishi wanaipenda kwa kuiva haraka, lakini haikai: baada ya wiki mbili tatu macho huanza kuchipua, na mwenye kibanda hataki kiazi chenye machipukizi. Ndiyo maana mtu asinunue mifuko 20 mwezi wa saba au wa nane kwa sababu bei imeanguka, akingoja ipande. Mavuno ya masika ndiyo yanaingia wakati huo, bei inaweza kuendelea kushuka, na viazi vitachipua kabla haijapanda.

Sasa faida. Mwenye kibanda ananunua mfuko kwa 2,850. Ondoa 100 za vidogo na vilivyokatika vinavyouzwa bei ya chini, inabaki 300 kwa mfuko. Mifuko kumi kwa wiki ni 3,000, ukitoa 800 za nauli na simu ni 2,200, yaani kama 9,500 kwa mwezi. Haitoshi nyumba, na haikutarajiwa kutosha; hii ni miezi ya kujifunza ni nani analipa na ni nani anachagua. Ili biashara ibebe zile 25,000 za nyumbani, anahitaji mifuko 22 kwa wiki. Ukiigawa mara mbili, ni mifuko 11 kwa safari, kama 27,000 za mzigo. Mtaji wa 45,000 unaitosha, kwa sharti moja: pesa zirudi kabla ya safari inayofuata.

Sharti hilo huvunjwa na deni la wateja. Vibanda vitano vikichukua mfuko mmoja mmoja kwa maneno ya "nitakutumia jioni", 14,000 zimekwama, na safari inayofuata ni ya mifuko sita badala ya 11. Faida ya mifuko mitano iliyokosekana haionekani popote, kwa hiyo mtu hudhani biashara ni "polepole." Anayetaka deni apewe nusu mfuko, na asipewe nusu ya pili kabla ya ya kwanza kulipwa. Utapoteza wateja wawili watatu kwa ukali huo. Hao walikuwa watakupotezea mtaji.

Kila Jumamosi jioni, mama afanye hesabu moja tu: pesa kwenye till ya biashara, ongeza thamani ya viazi vilivyo stoo kwa bei ya kununulia, ongeza madeni yasiyozidi siku tatu. Deni la zamani kuliko hapo liandikwe sifuri, hata kama mdaiwa ni rafiki. Till iwe ya biashara peke yake. Unga wa nyumbani usilipwe humo. Baada ya wiki sita, kama jumla hiyo haijashuka chini ya 16,000 na amefikia mifuko 10 kwa wiki kwa wateja wanaolipa, aongeze zile 25,000. Ikianguka hadi 12,000, asimame hapo. Zile 25,000 zinakuwa mwezi mzima wa chakula, na ameijua biashara kwa 8,000 badala ya 45,000.

Mwezi wa nne

Hati ya hazina inapoiva, mama anajua kama yuko kwenye mifuko 22 au 12. Akiwa kwenye 22, zile 50,000 zinaanza kugeuka akiba, kwa sababu biashara inalipa nyumba. Akiwa kwenye 12, biashara inabeba kama nusu, na 50,000 zinageuka kuwa karibu miezi minne badala ya miwili. Huo ni muda wa kutosha kutafuta kibarua au ajira, huku mtu mwingine wa nyumbani akipeleka viazi. Kisichofaa wakati huo ni kuchukua mkopo wa simu ili kufikisha mifuko 22 kwa nguvu: mfuko unaoleta 300 hauwezi kulipa asilimia 9 kama mzigo unazunguka polepole.

Na mwaka ukifika mwisho, dai fomu ya P9 kwa mwajiri wa zamani mapema, kabla ofisi ya mishahara haijakusahau. Taarifa ya kodi ya mwaka uliopunguzwa inawasilishwa iTax kabla ya 30 Juni ya mwaka unaofuata, hata kama hujaajiriwa tena. Linganisha P9 na ule mchanganuo uliopewa siku ya kwanza. Kama malipo yalirundikwa mwezi mmoja ukakatwa zaidi ya ulivyostahili, hapo ndipo pa kuomba marejesho, na karatasi hizo mbili ndizo utakazoambatisha.